Bidhaa 118, jioni mbili kwa wiki: nianze na ipi?

*Shikamoo dada. Niko Nkuhungu hapa Dodoma. Nauza mtandaoni vitu vya huku kwetu: vikapu na mikeka, karanga, asali, ubuyu, mafuta na sabuni. Bidhaa zimefika 118, na nyingi nilizipandisha harakaharaka, picha mbaya na maelezo mafupi. Nimeanza kuzirekebisha moja moja kwa mpangilio nilivyozipandisha, na sasa nimefika ya 31. Mauzo yako palepale. Mchana nina kazi nyingine na nina watoto wawili, kwa hiyo napata jioni mbili tu kwa wiki. Mume wangu anasema nishughulikie zile ambazo hazijauza kabisa. Rafiki yangu anasema hapana, nishughulikie zinazouza, kwa kuwa ndizo watu wanazozitaka. Nimekutumia ripoti ya siku 90. Nianze na ipi?*

*Mama Wawili, Nkuhungu*

Marahaba, mdogo wangu. Shemeji na rafiki yako wanaangalia safu ileile ya mauzo, mmoja akianzia chini na mwenzake akianzia juu. Safu ya `Views`, inayoonyesha kila bidhaa imefunguliwa mara ngapi, hakuna aliyeigusa. Jibu lako liko kwenye hizo mbili zikisomwa pamoja. Bidhaa isiyouza kwa sababu hakuna aliyeiona na bidhaa isiyouza ilhali mamia wameifungua wakaondoka ni wagonjwa wawili tofauti, na dawa zao hazifanani.

Nilianza kwa kupanga ripoti yako kwa `Views`, kubwa ikae juu. Kwa siku 90 duka lako limefunguliwa mara 9,000. Bidhaa 20 za juu peke yake zimebeba 6,300 kati ya hizo. Zile 98 zilizobaki zimegawana 2,700, yaani kila moja imefunguliwa kama mara 27 kwa miezi mitatu. Sasa tazama ulikotumia jioni zako: kati ya zile 31 ulizokwisha kurekebisha, nne tu zimo kwenye hizo 20. Picha nzuri umeziweka, ila umeziweka kwenye kichochoro ambacho watu hawapiti. Ndiyo maana mauzo hayakusogea.

Kwa hiyo orodha yako ya kazi itoke kwenye zile 20. Lakini usizichukue zote, wala usizichukue kwa kufuata wingi wa `Views` peke yake. Karanga za kukaanga zimefunguliwa mara 620 na zimepata oda 29. Hizo ziache kama zilivyo. Kazi yako kwenye karanga ni kuhakikisha haziishi dukani. Hata picha yake, ambayo najua huipendi, usiibadilishe sasa, maana ukurasa unaouza vile unaweza kuuharibu kwa mkono wako mwenyewe na usijue umeharibu nini.

Tunachotafuta ni bidhaa inayofunguliwa sana na kuuza kidogo kuliko inavyostahili. Neno "inavyostahili" linahitaji hesabu, na hapa wengi huteleza kwa kulinganisha kila kitu na wastani wa duka zima. Wewe huwezi kufanya hivyo. Vyakula vyako vimefunguliwa mara 3,000 vikapata oda 75, yaani oda 25 kwa kila kufunguliwa mara 1,000. Mafuta na sabuni ni mara 2,000 kwa oda 40, yaani 20 kwa 1,000. Vikapu na mikeka ni mara 4,000 kwa oda 40, yaani 10 kwa 1,000. Mtu hununua karanga za shilingi 6,000 bila kuwaza mara mbili, lakini kikapu cha shilingi 45,000 atakiangalia, alale, arudi kukiangalia tena. Ukipima vikapu kwa kipimo cha karanga, vikapu vyote vitaonekana vibovu na utamaliza mwaka ukivirekebisha. Pima kikapu kwa vikapu wenzake.

Fungua ripoti kwenye `Google Sheets`. Jina la bidhaa likae safu ya A, kundi lake B, `Views` C, oda D, na E andika faida unayobaki nayo kwa oda moja baada ya kutoa gharama. Faida utaijaza mwenyewe, ripoti haiijui. Kisha kwenye F2 andika:

```
=C2*SUMIF(B:B,B2,D:D)/SUMIF(B:B,B2,C:C)
```

Hiyo inakupa oda ambazo bidhaa ingepata kama ingeuza kama wenzake wa kundi lake. Kwenye G2 andika:

```
=(F2-D2)*E2
```

Hilo ndilo pengo, kwa shilingi. Vuta zote mbili hadi mstari wa mwisho, chagua jedwali lote, nenda `Data`, `Sort range`, kisha `Advanced range sorting options`, upange kwa safu ya G, kubwa juu. Nasisitiza jedwali lote. Ukichagua safu moja tu, namba zitahama na majina yatabaki, na oda za karanga utazikuta kwenye mkeka. Mimi iliwahi kunitokea nilipokuwa nauza batiki, nikatumia wiki nzima kurekebisha kitambaa ambacho hakikuwa na tatizo. Tangu siku hiyo sipangi jedwali kabla sijaongeza safu ya namba, 1 hadi mwisho, ili niweze kulirudisha lilivyokuwa.

Kwenye jedwali lako, tatu zilizopanda juu ni hizi. Kikapu kikubwa cha nguo chafu, chenye mfuniko, kimefunguliwa mara 760 na kimepata oda 2. Kingeuza kama vikapu wenzake kingepata 7.6. Pengo ni oda 5.6, na kwa faida ya shilingi 12,000 kila kimoja ni shilingi 67,200. Cha pili ni mafuta ya ubuyu ya mililita 100: mara 540, oda 3, yalistahili 10.8, na kwa faida ya 4,000 pengo ni shilingi 31,200. Cha tatu ni zabibu kavu: mara 300, oda 2, zilistahili 7.5, na kwa faida ya 3,000 pengo ni shilingi 16,500. Ona kwamba mafuta yamekosa oda nyingi kuliko kikapu, lakini kikapu kimekukosesha fedha zaidi ya mara mbili. Bila safu ya faida ungeanza na mafuta.

Sasa, kabla hujashika simu kupiga picha, hakikisha kila pengo ni la kweli.

La zabibu si la kweli. Niliangalia tarehe za oda zake mbili, zote zimetoka siku kumi za mwanzo. Baada ya hapo kimya. Bila shaka ziliisha, ukurasa ukabaki wazi, watu wakaendelea kuufungua na kukuta hakuna. Zabibu zetu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hili litakurudia. Dawa yake haihusiani na picha wala maelezo: weka mzigo wa kutosha hadi mavuno yanayofuata, au ufiche ukurasa mzigo unapoisha. Dalili ya kuisha kwa mzigo ni hiyo, oda zinazokatika ghafla siku moja huku `Views` zikiendelea. Bidhaa yenye ukurasa mbaya huuza kidogo kidogo muda wote, haikatiki kwa mkupuo.

Kuna namba nyingine za kutilia shaka. Zile bidhaa 31 ulizozirekebisha umezifungua wewe mwenyewe mara nyingi, na mifumo mingine huhesabu hata mwenye duka. Ukiona `Views` za bidhaa zimerundikana kwenye jioni mbili ulizokuwa ukiihariri, hao si wateja.

Na kuna bidhaa ambazo namba zake ni ndogo mno kusema lolote. Mkeka wako mdogo umefunguliwa mara 22 bila oda hata moja, na shemeji angetaka uanze na huo. Lakini kwa kiwango cha vikapu na mikeka, kufunguliwa mara 22 kunastahili oda 0.22. Kukosa oda hapo ndilo jambo la kawaida, hata kama ukurasa ungekuwa mzuri kuliko yote mjini. Mimi huweka mpaka kwenye safu ya F: bidhaa isiyofika 3 siihukumu. Bidhaa isiyo na tatizo iliyostahili oda 3 ikakosa zote, bahati mbaya tupu huleta jambo hilo kama mara moja katika 20. Iliyostahili oda moja na nusu hukosa zote kwa bahati tu kama mara moja katika tano, na hiyo ni mara nyingi mno kupotezea jioni yako. Kwa vikapu mpaka huo ni kufunguliwa mara 300, kwa vyakula ni mara 120.

Tumebaki na kikapu na mafuta. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu pengo linakuonyesha pa kufanya kazi ila halikuambii kazi gani. Bahati nzuri ripoti yako ina safu ya `Add to cart`, inayohesabu waliobonyeza kutaka kununua kabla ya kulipa.

Kikapu: kati ya mara 760, wamebonyeza 31, wakalipa 2. Mtu hawezi kubonyeza kutaka kitu ambacho picha yake imemchukiza. Watu 31 wamekipenda kikapu, bei ya 45,000 wameiona na wameikubali, halafu 29 wamekimbia mlangoni. Nikajaribu kununua mwenyewe, nikajaza kwamba niko Dar es Salaam. Kwenye ukurasa wa mwisho nikakuta nauli ya kifurushi shilingi 12,000, kwa mara ya kwanza. Najua kwa nini ni kubwa: kikapu kina mfuniko, hakikunjiki, na kwenye buti la basi kinachukua nafasi ya mizigo mitatu. Wewe hujamdhulumu mtu. Lakini mnunuzi ameshaweka 45,000 kichwani, na sasa anadaiwa 57,000.

Kwa hiyo jioni yako ya kwanza usiguse picha ya kikapu. Andika nauli juu kabisa ya maelezo, kwa mji: Dodoma mjini kiasi gani, Morogoro kiasi gani, Dar es Salaam kiasi gani. Kisha weka bidhaa mpya ya vikapu vitatu vya ukubwa tofauti, kimoja ndani ya kingine, ambavyo vinasafiri kama mzigo mmoja na nauli inalipwa mara moja. Atakayeona nauli ni kubwa kwa kikapu kimoja ataona nafuu yake kwa vitatu. Ukishaweka nauli juu, usishtuke waliobonyeza wakipungua kutoka 31. Watakaokimbia watakimbia mapema, na hiyo ni sawa. Namba ya kuangalia ni waliolipa.

Mafuta ya ubuyu yana hadithi nyingine. Mara 540, wamebonyeza 4, wamelipa 3. Mlangoni hakuna tatizo, karibu kila aliyebonyeza amelipa. Watu wanafungua ukurasa na kuondoka hapohapo. Nikasoma kichwa chake: "Ubuyu asilia wa Dodoma, mililita 100". Neno mafuta halimo! Na picha ya kwanza ni tunda la ubuyu lililopasuliwa, chupa inaonekana kwenye picha ya tatu. Mdogo wangu, kwa wateja wengi wa pwani ubuyu ni zile mbegu zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu, za kutafuna. Wamekuja kutafuta kitu cha kula, wamekuta mafuta ya kupaka, wameondoka. Hawajayakataa mafuta yako, ila hawakuwa wateja wake tangu mwanzo.

Kichwa kianze na jambo lenyewe: "Mafuta ya ubuyu ya kupaka ngozi na nywele, chupa ya mililita 100". Chupa iwe picha ya kwanza, imeshikwa mkononi ili ukubwa uonekane. Na ujue kitakachotokea: `Views` zitashuka, labda hadi nusu. Ukiwa unatazama safu hiyo peke yake utaona umeharibu na utarudisha kichwa cha zamani. Usirudishe. Kama mara 540 zikawa 270 na oda 3 zikawa 6, umeshinda, hata kama ukurasa umepoa.

Kabla sijasahau, kuna bidhaa moja ambayo hesabu ya pengo haiwezi kuipandisha juu, na ningeumia usipoiona. Unga wa ubuyu wa nusu kilo umefunguliwa mara 38 tu, na umepata oda 5. Kwa kiwango cha vyakula ulistahili oda moja hivi. Nimeangalia majina ya wanunuzi wake: oda mbili ni za mtu mmoja, tatu nyingine ni za watu tofauti. Kwa hiyo ni watu wanne, si watano, na bado ni wengi kwa bidhaa iliyoonwa kidogo hivyo. Namba ni ndogo, sitaki kukuapia, lakini kuijaribu hakugharimu kitu. Ukurasa wenyewe usiuguse. Unachokosa ni wapita njia, nao unao tayari: weka kiungo cha unga kwenye ukurasa wa karanga, ambako watu hupita kwa wingi wakiwa wanatafuta cha kula, na kingine kwenye ukurasa wa mafuta ya ubuyu, kwa wale wanaofika wakitafuta ubuyu wa kula. Viungo vyote viwili ni kazi ya dakika kumi.

Hizo ndizo kazi za wiki mbili za kwanza: nauli na vikapu vitatu, kichwa na picha ya mafuta, viungo vya unga, mzigo wa zabibu. Bidhaa nne kati ya 118. Zile 87 ambazo hujazifikia, ziache zikae.

Ukibadilisha, andika tarehe kwenye safu mpya, na andika umebadilisha nini. Halafu tulia usubiri. Kikapu hufunguliwa kama mara nane kwa siku, kwa hiyo kufika mara 300 kutachukua siku 36 hivi. Ukikipima baada ya wiki moja utakuwa na kama mara 59, ambazo hata kikapu kizuri huenda zisikipe oda moja. Na katika siku hizo 36 usibadilishe kitu kingine kwenye ukurasa huo, la sivyo hutajua ni nauli iliyofanya kazi au ni picha.

Chagua pia kikapu kimoja kati ya zile 20 za juu ambacho hukigusi kabisa, kiwe cha kulinganishia. Ikiingia sikukuu, vikapu vyote vitauza zaidi, na wewe utadhani ni kazi yako. Tena bidhaa iliyokuwa mbaya kupita zote hupanda kidogo yenyewe miezi inayofuata, kwa sababu sehemu ya ubaya wake ilikuwa bahati mbaya ya siku zile 90. Kama kikapu cha nguo chafu kimepanda na mwenzake ambaye hukumgusa amebaki palepale, hapo nitakuamini.

Mwisho wa siku 90 zijazo pakua ripoti mpya, bandika fomula zilezile, upange upya. Kama kikapu cha nguo chafu bado kiko juu kwa pengo na nauli iko wazi, basi tatizo ni nauli yenyewe, na hapo tutazungumza kuhusu kuacha vikapu kwa mtu Dar es Salaam badala ya kuvituma kimoja kimoja. Nitumie hiyo ripoti, na tafadhali isiwe na majina ya wateja safari hii. Hii ya sasa nimeshayafuta.